BARUA YA MFAMASIA KWA MWALIMU MKUU: DAWA ZA PUMU NA ZA MZIO KWA WANAFUNZI

Barua ifuatayo iliandikwa na mfamasia wa hospitali mojawapo hapa Unguja kumjibu Mwalimu Mkuu wa skuli ya msingi, baada ya mwanafunzi wa darasa la tano kubanwa na pumu wakati wa mazoezi ya asubuhi. Inachapwa katika ukurasa huu kwa idhini ya pande zote mbili na ya mzazi wa mtoto, majina yakiwa yameondolewa, ili watumishi wa skuli nyengine na wananchi kwa jumla wapate kufaidika nayo.

Ndugu Mwalimu Mkuu,

Kuhusu: UTUNZAJI NA UTUMIAJI WA DAWA ZA WANAFUNZI WENYE PUMU NA MZIO

Nimeipokea barua yako na nimeisoma pamoja na daktari aliyempokea mtoto yule. Umeuliza mambo matatu: iwapo skuli iendelee kuzifungia dawa za wanafunzi katika kabati la ofisi, kwa nini pampu ya mtoto ilikuwa ikitoa moshi wake kama kawaida lakini haikumsaidia, na walimu wafanye nini likitokea tena, kwa pumu au kwa wale watoto wawili ambao wazazi wao wamesema hawapatani na baadhi ya vyakula. Nitaanza na suala la pili, kwani jibu lake ndilo linalofungua mengine.

Pampu ya rangi ya buluu aliyokuwa nayo mtoto ina dawa iitwayo salbutamoli. Ndani ya kikopo cha madini kuna vitu viwili: dawa yenyewe, na gesi iliyoshindiliwa ambayo kazi yake ni kuisukuma dawa nje. Kikopo kikiwa kipya kina mipulizo 200, na kila mpulizo una mikrogramu 100 za dawa. Gesi hutiwa zaidi kidogo kuliko dawa. Kwa hivyo mipulizo 200 inapokwisha, kikopo hakinyamazi. Huendelea kutoa sauti na ukungu kwa mipulizo mengine kadhaa, lakini ndani ya ukungu huo dawa ni chache sana au haimo kabisa. Aliye na pampu ya namna hii husikia sauti ile ile na huona ukungu ule ule, akadhani ametibiwa.

Sikutaka kulisema hilo kwa kukisia. Daftari letu la kutolea dawa linaonesha kuwa mtoto alipewa pampu moja wiki ya kwanza ya Januari, na baada ya hapo hakupewa nyengine. Nilimuuliza mama yake jinsi inavyotumika. Alinieleza kuwa mtoto huvuta mipulizo miwili kabla ya mazoezi, siku tatu kwa wiki, na usiku mara mbili kwa wiki huamka akikohoa, naye humpa mipulizo miwili kila mara. Hiyo ni sita na minne, jumla kumi kwa wiki. Ukiigawa 200 kwa kumi unapata wiki ishirini. Pampu ile, basi, ilikwisha mwishoni mwa Mei. Mtoto alibanwa mwezi wa Agosti. Kwa muda wa zaidi ya miezi miwili alikuwa akibeba kikopo cha gesi tupu, na hapana aliyejua kwa sababu kilikuwa kikiita.

Baadhi ya pampu mpya zina kidirisha chenye tarakimu zinazoshuka kila unapobonyeza, na hizo hazina tatizo hili. Nyingi zinazopatikana hapa kwetu hazina kidirisha. Wako wanaotikisa kikopo sikioni kusikiliza kama kuna maji ndani, na wako wanaokitia katika bakuli la maji kuangalia kama kitazama au kitaelea. Njia zote mbili si za kuaminika, na hiyo ya bakuli huleta dhara, kwa kuwa maji huingia katika tundu la kutolea dawa. Njia inayofaa ni kuhesabu. Siku pampu inapofunguliwa, mzazi aandike tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya ganda la plastiki, kisha nyuma ya daftari la mtoto apige mistari midogo, mstari kwa kila mpulizo, mitano mitano kama wanavyohesabu wachuuzi wa nazi. Inapofika 180 aje kuchukua nyengine. Kwa mtoto mwenye matumizi ya kila wiki yanayofanana, inatosha kupiga hesabu kama niliyoipiga hapo juu na kuiandika tarehe ya mwisho pale pale kwenye ganda.

Hesabu hiyo ina faida nyengine ambayo mzazi asingeitarajia. Ukiacha ile ya kabla ya mazoezi, mtoto anayehitaji pampu ya buluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, au anayeamshwa na kikohozi usiku, pumu yake haijadhibitiwa. Dawa ya buluu hulegeza misuli inayozibana njia za hewa. Huanza kazi katika dakika chache na nguvu yake hudumu kama saa nne. Haiugusi uvimbe uliomo ndani ya njia hizo, nao ndio chanzo cha maradhi. Kazi ya kuutuliza uvimbe ni ya dawa nyengine, beklometasoni, ambayo aghalabu huja katika pampu ya rangi ya kahawia au ya hudhurungi, na huvutwa asubuhi na jioni kila siku hata kama mtoto ni mzima. Tangu mwaka 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu imeacha kabisa kumtibu mgonjwa mkubwa au kijana kwa pampu ya buluu peke yake. Mtoto huyu sasa ameandikiwa zote mbili. Ya kahawia ibaki nyumbani, avute kisha asukutue kinywa kwa maji na kuyatema, ili asipate utando mweupe ulimini. Isiletwe skuli, kwani mwalimu akiishika kwa makosa wakati mtoto amebanwa, haitamfaa kitu kwa saa ile.

Sasa nirudi kwenye kabati. Ninaelewa kwa nini skuli ilifunga dawa. Vidonge vimewahi kuchezewa na watoto, na mwalimu ndiye atakayeulizwa. Lakini katika tukio hili, kwa maelezo yako mwenyewe, mtoto alianza kukohoa saa tatu na dakika kumi, ufunguo ulikuwa kwa Mwalimu Msaidizi aliyekuwa mkutanoni, na kabati lilifunguliwa baada ya robo saa. Hata kama pampu ingekuwa imejaa, robo saa hiyo ni nyingi mno. Njia za hewa zinapokaza, dawa ya kuvuta huingia kwa shida zaidi kadiri muda unavyopita, kwani dawa hufuata hewa, na hewa yenyewe haipiti.

Kwa maoni yangu, dawa ya kuokolea isifungiwe. Mtoto aliyekwisha kuonesha kuwa anaweza kuitumia pampu yake bila ya kusimamiwa aibebe mwenyewe, katika mfuko wa mkoba au mfuko wa shati, na aende nayo uwanjani, chooni na matembezini. Wengi wa darasa la tatu na kuendelea huliweza hilo. Wa madarasa ya chini wengi hawaliwezi. Kwa hao, pampu ikae katika kisanduku chenye jina la mtoto juu ya meza ya mwalimu wa darasa, mahali pa juu lakini pasipo kufuli, na kisanduku kimfuate mtoto darasa likitoka nje. Vidonge na vichupa vya maji ya dawa ni jambo jengine. Hivyo viendelee kufungiwa, kwa kuwa havitumiki kwa dharura na vinaweza kumdhuru mtoto asiye mwenyewe. Pampu ya buluu mtoto mwengine akiichezea, atatetemeka mikono na moyo utamwenda mbio kwa muda, kisha yatapita.

Yako mambo machache ya utunzaji ambayo kwa hali ya hewa ya visiwani yanahitaji uangalifu. Pampu hutakiwa ikae katika joto lisilozidi digrii 30. Nanyi mnajua kuwa katika miezi ya kaskazi joto la mchana hupindukia hapo hata kivulini. Hilo peke yake lisiwatie hofu, kwani mchana mmoja wa digrii 32 hauiharibu dawa. Kinachoharibu ni kuiacha juani: kwenye kizingiti cha dirisha, juu ya kabati linalogusa mabati, au mbele ya gari lililosimama juani. Kikopo kimeshindiliwa gesi, na joto la digrii 50 na zaidi linaweza kukipasua. Kisitobolewe wala kutupwa motoni hata kikiwa kitupu, kirejesheni hospitali. Kwa upande mwengine, kisiwekwe ndani ya friji kwa kudhani kuwa baridi ni hifadhi. Kikopo cha baridi hutoa mpulizo dhaifu, na mtoto hupata chini ya kipimo chake.

Kifuniko cha mdomo wa pampu kisipotee. Pampu isiyo na kifuniko ikikaa mfukoni huingiwa na mchanga, punje za mchele, vifungo, hata sarafu, na siku ya kutumika kitu hicho hurushwa moja kwa moja kooni mwa mtoto. Kwa hivyo, kabla ya kuitia mdomoni, iangaliwe ndani. Mara moja kwa wiki mzazi akitoe kikopo cha madini, alioshe ganda la plastiki kwa maji ya vuguvugu, alikung'ute na kuliacha likauke usiku kucha. Kikopo chenyewe hakioshwi. Pampu mpya, au iliyokaa siku tano na zaidi bila ya kutumika, itikiswe na ipulizwe hewani mara mbili kabla ya kumpa mtoto, na mipulizo hiyo miwili nayo ihesabiwe.

Nimemwomba mtoto avute mbele yangu, na nililoliona ndilo ninaloliona kwa wengi, wakubwa na wadogo. Hubonyeza kwanza, kisha ndio huvuta, na ukungu hugonga ulimi na koo na kuishia hapo. Kuvuta sawasawa bila ya chombo cha kati kunahitaji mtu atikise pampu, atoe pumzi yote, aanze kuvuta taratibu kwa mdomo na papo hapo abonyeze mara moja, aendelee kuvuta hadi kifua kijae, kisha azuie pumzi kwa hesabu ya kumi. Mtoto mzima hujifunza hayo. Mtoto anayehema hawezi kuyafanya, na hata mtu mzima anayehema hawezi.

Dawa ya tatizo hili ni chombo cha kati: chupa inayopokea ukungu na kuushika kwa muda, ili mtoto auvute kwa pumzi zake za kawaida. Vya madukani vipo, lakini bei yake huwashinda wazazi wengi. Madaktari wa watoto wa Cape Town, Afrika ya Kusini, walitangaza mwaka 1999 matokeo ya uchunguzi wao juu ya chupa tupu za plastiki za nusu lita, na wakaona kuwa watoto waliobanwa na pumu waliotumia chupa hizo, pampu ikiwa imepachikwa bila ya kuacha mwanya, walipata nafuu sawa na waliotumia chombo cha kununua. Wale waliotumia kikombe cha plastiki laini hawakufaidika vivyo hivyo. Kwa hiyo chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, ambayo kila siku tunaiokota uwanjani, inatosha.

Hutengenezwa hivi. Chukua chupa safi isiyo na nyufa. Pinda waya kwa umbo la mdomo wa pampu, uupashe moto hadi uwe mwekundu, kisha uukandamize kwenye kitako cha chupa ili utoboe tundu la umbo lile lile. Mdomo wa pampu upachikwe hapo hapo plastiki ikiwa bado ya moto, ili tundu lijikaze. Mwanya wowote uzibwe kwa gundi au kwa plasta. Kazi hii ifanywe na mtu mzima. Baada ya hapo chupa ioshwe kwa maji yenye sabuni kidogo na iachwe idondoke hadi ikauke, bila ya kupanguswa kwa kitambaa. Plastiki iliyopanguswa huwa na umeme mkavu, ule ule unaovuta nywele kwenye kitana, na umeme huo huinasa dawa ukutani mwa chupa badala ya kuiacha iende kifuani. Pampu hutolewa na kurejeshwa kwa urahisi. Nimetengeneza mbili kwa ajili ya skuli yako na nimezikabidhi kwa mjumbe wako. Mtoto atakayeitumia moja iwe yake, kwa kuwa mdomo wa chupa huingia kinywani.

Suala lako la tatu ni la siku ya tukio. Umeandika kuwa walimu walimlaza mtoto juu ya benchi, wenzake wakamzunguka wakimpepea. Nia ilikuwa njema, lakini aliyebanwa na pumu hatakiwi kulazwa. Akae kitako, ameinama mbele kidogo, viwiko juu ya meza au magoti, vifungo vya shingoni vifunguliwe, na wenzake waondoshwe. Mwalimu mmoja abaki naye akizungumza kwa sauti ya utulivu. Itikiswe pampu, ipachikwe kwenye chupa, mtoto azibe mdomo wa chupa kwa midomo yake, ibonyezwe mara moja tu, naye avute na kutoa pumzi mara tano bila ya kuuachia mdomo wa chupa. Kubonyeza mara mbili au tatu kwa pamoja ni kupoteza dawa, kwa kuwa chembe zake hugongana na kuanguka chini ya chupa. Baada ya nusu dakika hadi dakika moja, itikiswe tena na apewe mpulizo wa pili kwa namna ile ile, na kadhalika, hadi apate nafuu au hadi ifike mipulizo kumi.

Kumi ni nyingi, na najua mwalimu ataogopa. Naomba asiogope. Mtoto atatetemeka vidole na moyo utapiga kasi. Hayo ni madogo mbele ya kukosa hewa. Ikiwa nafuu imepatikana kwa mipulizo miwili au minne, mtoto apumzike, asirejee mbioni siku hiyo, na mzazi aarifiwe. Ikiwa kumi imekwisha na bado anahema, hospitali hapo hapo, kwa chombo chochote cha usafiri kilicho karibu, na mwalimu afuatane naye akiwa na pampu na chupa mkononi. Njia ikiwa ndefu, baada ya dakika kumi apewe kumi nyengine humo humo garini.

Zipo dalili ambazo mwalimu akiziona hangoji hesabu ya kumi. Aite gari kwanza, kisha apulize akiwa anangojea. Mtoto hawezi kumaliza sentensi moja ya maneno matano kwa pumzi moja. Nyama za katikati ya mbavu na shimo la shingoni zinaingia ndani kila anapovuta. Midomo au ulimi umekuwa wa kijivu au buluu. Anasinzia au anachanganyikiwa. Na iliyo ya hatari kuliko zote, ambayo hudhaniwa kuwa ni nafuu: mlio wa kifua unanyamaza ilhali mtoto hajapata nguvu. Kifua kinacholia kinapitisha hewa. Kilichonyamaza kwa mtoto aliyechoka hakipitishi ya kutosha hata kulia.

Baadhi ya wazazi huwapa watoto vidonge vya salbutamoli au vya aminofilini waje navyo skuli. Visitumike mtoto anapobanwa. Kidonge hupita tumboni kwanza, huchukua nusu saa au zaidi, na hutia mtetemeko mkubwa kuliko pampu kwa faida ndogo. Ni vyema wazazi hao waje kuonana nasi.

Umeuliza pia, kama kwa kupitia tu, juu ya mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa baadhi ya wanafunzi wakubwa hukataa pampu wakiwa wamefunga. Hukumu ya kuwa pampu inafunguza au haifunguzi si ya mfamasia, na wanavyuoni wana maelezo yao. Mzazi amuulize anayemwamini kabla ya mwezi kuandama. Ninachoweza kusema ni kwamba pampu ya kahawia, kwa kuwa ni ya mara mbili kwa siku, inaingia vizuri kwenye futari na daku, na mtoto anayeitumia hivyo bila ya kukosa huenda asiihitaji ya buluu mchana kabisa. Aliyebanwa ni mgonjwa, na mgonjwa ana ruhusa yake ya kula na kulipa. Mwalimu asimwache mtoto ahojiane na nafsi yake akiwa anahema.

Nije kwenye mzio, au aleji kama wengi wanavyoiita. Watoto wako wawili, mmoja hapatani na kamba na kaa, na wa pili hapatani na njugu, hata zile zilizomo katika kashata zinazouzwa langoni. Kila mmoja amepewa vidonge vya piritoni. Hapa lipo jambo ambalo nataka walimu wote walielewe, kwa sababu kutolielewa kunaua. Piritoni hutuliza kuwashwa, vipele na mafua. Haizuii wala haitibu mshtuko wa mzio, pale koo linapovimba, kifua kinapobana na shinikizo la damu linapoanguka. Inayotibu hiyo ni moja tu, sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, na inatakiwa mapema.

Mwalimu atofautishe hivi. Mtoto mwenye vipele vya kuwasha mikononi na usoni, anayezungumza na kuhema vizuri, apewe kidonge chake kwa kipimo alichoandikiwa. Kwa mtoto wa miaka sita hadi kumi na moja aghalabu ni nusu ya kidonge cha miligramu nne. Asiachwe peke yake, aangaliwe kwa saa mbili, na ajulikane kuwa atasinzia darasani. Lakini ikiwa, pamoja na vipele au hata bila ya vipele, sauti imekuwa ya kukwaruza, ulimi umevimba, anakohoa na kukoroma, anatapika mfululizo baada ya kula kile asichopatana nacho, au amelegea na kuona kizunguzungu, huo ni mshtuko. Muda usipotezwe kwa kutafuta kidonge. Alazwe chali na miguu yake iinuliwe juu ya mkoba. Akiwa anashindwa kuhema akae, miguu ikiwa imenyooshwa. Asisimamishwe na asitembezwe hata hatua chache hadi garini, abebwe. Damu yake imekwisha kulegea mwilini, na kumsimamisha ghafla huuacha moyo bila ya damu ya kusukuma. Wako walioonekana kupata nafuu wakaanguka kwa sababu hiyo. Akiwa na pumu pia, pampu ya buluu apewe njiani, lakini isihesabiwe kuwa badala ya sindano.

Sindano za kujichoma mwenyewe, ambazo katika nchi nyengine wanafunzi hutembea nazo mkobani, ni za bei kubwa na si rahisi kuzipata kwetu. Kwa hivyo sishauri skuli ijiwekee vichupa vya adrenalini na mabomba ya sindano. Kupima kipimo kwa mikono inayotetemeka si kazi ya mwalimu. Ninachokushauri ni hiki: nenda mwenyewe kituo cha afya kilicho karibu nawe, uonane na mkuu wake, umwulize iwapo adrenalini ipo leo, iwapo ipo na saa za mchana mhudumu anapokwenda kula, na umwachie majina ya watoto wako wawili. Ikiwa haipo, nipigie simu, nami nitafuatilia kwenye bohari. Ni bora jibu hilo lijulikane sasa kuliko gari likishafika mlangoni. Na mtoto aliyechomwa sindano akapona asirudishwe darasani mchana huo. Dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa, na hospitali itamweka chini ya uangalizi.

Kuhusu kashata za langoni, sidhani kuwa kumfukuza muuzaji ni suluhisho. Mtoto atakutana na njugu popote. Muuzaji aelezwe, amjue mtoto kwa sura, na asimuuzie. Wanafunzi wenzake nao wajue kuwa kumlazimisha aonje si mzaha.

Pamoja na barua hii nimeambatanisha nakala ishirini za kadi ya mwanafunzi. Ina jina lake na darasa, maradhi yake, rangi na jina la dawa ya dharura, idadi ya mipulizo, kitu asichopatana nacho, tarehe pampu ilipofunguliwa na tarehe inayotarajiwa kwisha, pamoja na nambari za simu za mzazi. Mzazi aijaze kwa msaada wa mhudumu wa afya, nakala moja ikae ndani ya mkoba wa mtoto na nyengine kwa mwalimu wa darasa. Mwanzo wa kila muhula mwalimu aziangalie tarehe zote mbili, ya kwisha mipulizo na ile ya kuharibika dawa iliyopigwa chapa kwenye kikopo.

Kama walimu wako watakuwa na nafasi Alkhamisi baada ya masomo, nitafika na pampu za mazoezi zisizo na dawa, ili kila mmoja abonyeze kwa mkono wake mwenyewe. Tafadhali mwalike pia mlinzi wa lango na mwalimu wa michezo, kwani mara nyingi ndio wanaokuwa karibu, na waambie wanafunzi wenye pampu waje nazo siku hiyo nizihesabu.



Mfamasia wa Hospitali

Nakala kwa: Daktari wa Wilaya, Ofisa Elimu wa Wilaya, Mwenyekiti wa Kamati ya Skuli